Programu ya muziki inaanguka wakati wa kuskani plagini: usiformate, tafuta kwanza ile faili moja

Kuko swali moja lenye linanifikia mara kwa mara kutoka kwa wenzetu wenye wanarekodia korali na wasanii huku Masisi na Walikale. Unawasha ordinateri, unafungua programu ya kurekodi, picha ya mwanzo inatokea, majina ya plagini yanaanza kupita moja moja, kisha yote inazimika. Hakuna ujumbe, ao kuko kidirisha kimoja tu cha Windows kinasema programu imeacha kufanya kazi. Unarudilia, inaangukia palepale.

Jibu lenye watu wengi wanapewa ni «formata mashini». Kwa sisi hilo ni jibu la hatari. Stidio nyingi huku ni laptop moja, batri moja na sahani moja ya jua, na nyimbo zote ziko mu ile diski moja. Kuko korali zenye waimbaji wao wamesambaa juu ya vita. Zile sauti zikifutika, hakuna siku utawakusanya tena watu walewale. Tena, mara nyingi programu yenyewe iko nzima. Kuna faili moja tu yenye inaiangusha, na unaweza kuipata bila kufuta kitu.

Kuskani ni kufanya nini?

Plagini ya ala, tuseme piano ao ngoma ao vinanda, ni faili yenye kuishia na `.dll` (VST2) ao `.vst3` (VST3). Wakati wa kufunguka, programu haisomi tu jina la ile faili. Inaifungua kabisa ndani ya kumbukumbu, inaiwasha kidogo na kuiuliza: unaitwa nani, wewe ni ala ao ni efekti, una milango mingapi ya sauti? Ikijibu, programu inaandika majibu mu orodha yake na kupita kwa nyingine.

Hapo njo shida inazalikia. Mu programu nyingi za zamani, plagini inawashwa ndani ya nyumba moja na programu. Plagini ikianguka, inavuta programu yote. Programu za sasa nyingi zinatumia kamtambo ka pembeni kwa kuskani, ili kakifa, programu ibakie. Cubase, kwa mfano, tangu toleo la 9 la mwaka 2016 iko na mlinzi wa namna hiyo. Lakini mashini za mutumba tulizo nazo mara nyingi zinabeba matoleo ya mbele ya pale.

Kutoka hapo unaelewa pia sababu gani kutoa programu na kuiweka upya hakusaidii. Folda ya plagini inabakia palepale. Programu mpya inaskani folda ileile, inakutana na faili ileile, na inaanguka vilevile. Umemaliza megabaiti zako bure.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni plagini kweli

Funga programu, kisha badilisha jina la folda ya plagini ili programu isiione. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

```
ren "C:\Program Files\VSTPlugins" VSTPlugins_kando
ren "C:\Program Files\Common Files\VST3" VST3_kando
```

Kama folda zako ziko pahali pengine, weka njia yako. Hakuna kitu kinafutika. Kurudisha ni kubadilisha jina tena. Sasa fungua programu. Ikifunguka vizuri, umejua: mkosaji iko ndani ya zile folda. Kama inaanguka bado, wacha plagini, angalia draiva ya kadi ya sauti na mipangilio ya programu yenyewe.

Angalisho moja la lazima: wakati plagini ziko kando, unaweza kufungua wimbo, na programu itasema ala fulani hazionekani. Usibonyeze kuhifadhi juu ya faili ileile. Kuko programu zenye zinaweza kupoteza mipangilio ya ala isiyoonekana. Kama lazima uhifadhi, toa jina lingine.

Hatua ya pili: uliza Windows

Jina la mwisho lenye uliona kwenye skrini ni dalili, lakini si ushahidi. Mara kwa mara ile yenye jina imekwisha kupita salama, na yenye kuanguka ni ile ya nyuma yake, yenye jina lake halikupata muda wa kuandikwa. Rudisha folda kwa majina yao, acha programu ianguke mara moja tena, kisha andika `eventvwr` mu kisanduku cha kutafutia cha Windows. Ingia `Journaux Windows`, kisha `Application`, utafute mstari mwekundu wenye chanzo `Application Error` na nambari 1000, wa ile saa programu ilianguka. Ndani yake soma mistari miwili tu: `Nom du module défaillant` na `Code d’exception`. Kama Windows yako iko mu Kiingereza, ni `Faulting module name` na `Exception code`.

Kama moduli ni jina la plagini, umeshamushika. Lakini kama unaona `ntdll.dll` ao `KERNELBASE.dll`, usiguse hizo! Ni za Windows yenyewe; zinaonyesha pahali ajali ilitokea, hazionyeshi nani aliileta. Hapo unaenda hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: gawanya kwa mbili

Tuseme uko na plagini 32. Usizijaribu moja moja. Rudisha 16, acha 16 kando, fungua programu. Ikianguka, mkosaji iko mu zile ulizorudisha. Isipoanguka, iko mu zile za kando. Ugawanye tena: 8, 4, 2, 1. Kwa majaribio 5 tu umefika. Kwa mtu anayetumia batri, 5 ao 32 ni tofauti ya kumaliza leo ao kungojea jua la kesho.

Ila jihadhari: wanaweza kuwa wawili. Ukishapata mmoja, muweke kando, rudisha wengine wote pamoja, fungua. Ikianguka tena, anza upya kwa wenye wamebakia.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Mwalimu mmoja wa korali wa Masisi alikuwa na laptop yenye prosesa Core i5-3320M na plagini 32. Mu fulashi iliyotoka Goma alipata piano mpya yenye ilifanya kazi bila shida kwa mwenye kumupa. Kuiweka tu, programu ikaanza kuanguka. Akaniambia: «Ndugu, si tuformate tu, tumalize?» Nikamwambia: «Mwalimu, ngojea kwanza, tuulize mashini yenyewe.»

Tuliweka folda kando: programu ikafunguka. Kwa hiyo ni plagini. Tukarudisha folda, ikaanguka, tukasoma jarida la Windows: moduli ni faili ya ile piano, kodi ni `0xc000001d`.

Ile kodi njo ilimaliza mabishano. Maana yake ni «amri isiyojulikana»: plagini imeiambia prosesa ifanye kitu chenye haikufundishwa. Prosesa za Intel zilianza kujua amri za AVX mwaka 2011, na za AVX2 mwaka 2013, kwa kizazi cha 4 cha Core. Mu jina i5-3320M, ile 3 ya mwanzo ni kizazi cha 3, cha mwaka 2012. Iko na AVX, haina AVX2. Piano ilijengwa kwa AVX2. Mashini ya mwenye kumupa ilikuwa ya kizazi cha 8, njo maana kule ilipiga bila shida.

Kwa hali hii hakuna kurekebisha: hata ukiformata mara kumi, prosesa haitajifunza amri mpya. Tulitoa ile faili, tukatafuta toleo la mbele la piano ileile, lenye halikuomba AVX2. Tukaiweka, tukafungua: plagini zote 32 zikapita. Nyimbo zake zote ziko, hakuna hata moja iliyoguswa.

Kwa kujua prosesa yako mbele ya kuweka plagini, andika `msinfo32` mu kile kisanduku, usome mstari `Processeur`. Ujue pia kwamba Celeron na Pentium nyingi za miaka ile hazina hata AVX ya kwanza, ata kama zilitoka nyuma ya 2011.

Kama kodi ni nyingine

Yenye utakutana nayo zaidi ni `0xc0000005`: plagini imegusa kumbukumbu isiyo yake. Hii haisemi sababu moja, lakini kwetu mimi naanza kwa mbili. Ya kwanza ni faili isiyotimia: ulikuwa unakopia kutoka fulashi, kurani ikakatika, faili ikabakia imeharibika. Pima ile ya diski na ile ya fulashi:

```
certutil -hashfile "D:\piano.dll" SHA256
```

Fanya hivyo kwa zote mbili. Zile herufi ndefu zikitofautiana, kopia upya. Ya pili ni plagini iliyovunjwa kufuli, ao iliyochukuliwa faili moja tu bila kisakinishi chake. Mwenye kuvunja aligusa ndani, na ile yenye inakubali mu programu moja inaweza kuanguka mu nyingine. Hiyo usipoteze nayo siku. Tafuta ala ya bure yenye inatoka kwa mwenye kuitengeneza.

Mwisho, inatokea umeweka faili nzuri lakini programu haiionyeshi tena. Ni kwa sababu bado inakumbuka ile ajali mu orodha yake. Ukitumia REAPER, funga programu, ingia `%APPDATA%\REAPER`, utoe `reaper-vstplugins64.ini` uiweke kando, ufungue tena. Itaskani zote tangu mwanzo. Fanya hivyo batri ikiwa imejaa, na mbele ya kuanza kopia folda ya nyimbo ku fulashi ingine. Mwenye kuwa na kodi yenye sikutaja, aiandike hapa chini pamoja na jina la moduli na la prosesa. Bila zile tatu ni kubahatisha tu.