Kisanduku Hakinunui Mashine

Swali ni lile lile, na wiki hii nimelisikia tena hapa Bunia: "Tuko akina mama 25, kisanduku kina dola karibu elfu mbili, tununue mashine ya kusaga ya aina gani?" Wakishauliza hivyo hufuata maswali ya injini, ya fundi, ya mahali pa kuiweka. Hakuna anayeuliza kama pesa hizo ziko huru kununua mashine. Haziko huru, na hapo ndipo ningependa tukae leo.

Mnaoweka akiba kwa mtindo wa AVEC mnajua taratibu zake: hisa kila wiki, mikopo, mfuko wa mshikamano, funguo tatu kwa watu watatu, na mwisho wa mzunguko mgawanyo. Mtindo huu shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, na nguvu yake yote imo katika ahadi moja, kwamba kabla ya mwaka kuisha kila mama atapokea akiba yake mkononi pamoja na faida. Ndiyo maana mkopo hulipwa ndani ya miezi 3, na mama hakopeshwi zaidi ya mara 3 ya hisa zake. Kila kanuni imewekwa ili pesa irudi kisandukuni kwa wakati. Ukinunua injini kwa pesa hiyo, umechukua kitu chenye tarehe ya kurudishwa ukakigeuza chuma kisicho na tarehe.

Sasa imani yenyewe. Inasemwa sokoni, kanisani na kwenye matanga: "Mashine ya kusaga inajilipa yenyewe." Watu wanakula kila siku, unga ni lazima, kwa hiyo mashine haiwezi kupata hasara. Nimechoka kuisikia. Kwamba watu wanakula kila siku ni kweli, lakini si lazima wasage kwenu.

Tuifanye hesabu, kwa tarakimu za mfano, kila kikundi kiweke bei za mtaa wake. Mashine na injini yake ya mazuti, ile ya silinda moja ya Kichina, tuseme dola 1,800. Kusaga kilo moja ni senti 5 za dola. Siku nzuri mmesaga kilo 400, mmeingiza dola 20. Mazuti lita 5, kila lita dola 1.5, ni dola 7.5. Kijana anayeendesha mashine dola 3. Kodi ya mahali, mafuta ya injini, mkanda na matengenezo, weka dola 2 kwa siku. Zimebaki dola 7.5, na kwa siku 26 za kazi ni dola 195 kwa mwezi. Hapo akina mama hupiga vigelegele na kufunga daftari.

Lifungueni tena. Mashine inachakaa. Ikidumu miaka 3, kila mwezi inakula dola 50 za bei yake, na msipoziweka kando, mwaka wa nne hamtakuwa na mashine wala pesa ya kununua nyingine. Zimebaki 145. Bado si mbaya, lakini zote zimesimama juu ya zile kilo 400. Familia ya watu sita ikitumia kilo moja na nusu ya unga kwa siku, kilo 400 ni nyumba karibu 270 zinazokula unga uliotoka kwenye mashine yenu, kila siku ya kazi, wakati kwenye avenyu ya pili kuna mashine nyingine, na mama wengi wa mjini wanajinunulia sokoni unga uliokwisha kusagwa. Zihesabuni hizo nyumba kwa majina ya avenyu muone mnafika wapi.

Kilo zikishuka hadi 240, mnaingiza dola 12. Mazuti hayashuki kwa kadiri hiyo kila mara, maana injini inayoachwa inanguruma ikisubiri mteja nayo inakunywa, lakini tuwe wapole tuseme lita 3, dola 4.5. Kijana analipwa zile zile 3, na zile 2 za kodi na matengenezo haziondoki. Inabaki dola 2.5 kwa siku, dola 65 kwa mwezi, na ukitoa zile 50 za uchakavu, akina mama 25 wamebaki na dola 15. Wateja wawili kati ya watano wamepungua, na faida karibu yote imekwenda nao.

Na pesa zile zile zingefanya nini zikibaki kisandukuni? Tuseme nusu yake tu, dola 1,000, iko mikononi mwa wakopaji kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Ni dola 50 kila mwezi, bila mazuti, bila mkanda, na mwisho wa mzunguko zinagawanyika hadi faranga ya mwisho. Kisanduku tayari ni biashara. Mnapochagua biashara ya pamoja, hamchagui kati ya kitu na bure, mnachagua kati ya kitu na dola 50 mnazozipata sasa. Biashara isiyozidi hapo, baada ya uchakavu kutolewa, imewafukarisha hata kama daftari linaonyesha faida.

Ninakubali upande mmoja: kuna vikundi ambavyo pesa imelala, wakopaji wawili watatu tu, wengine wanaogopa deni. Hapo kutafuta biashara ya pamoja ni haki. Lakini mmeangalia kwanza kwa nini hawakopi? Mara nyingi wanakopa vizuri sana, ni wiki mbili za kabla ya mgawanyo tu ambapo kisanduku kinajaa, na ndipo mtu anaingia na wazo la mashine kwa sababu ameona pesa nyingi mahali pamoja.

Tena hapa ni Ituri. Tangu ghasia za Djugu zilipoanza upya mwishoni mwa 2017, mji huu umepokea familia zilizokimbia, na familia nyingine zimetoka hapa kwenda kwingine. Mama anayehama leo jioni anataka akiba yake leo jioni. Kutoka kisandukuni inawezekana, hata kama ni sehemu. Kutoka kwenye mashine anapewa nini, nyundo mbili na chekeche? Wenzake watamwambia asubiri iuzwe, na anayenunua mashine katika wiki ambayo watu wanahama atatoa bei ya wiki hiyo. Septemba nayo shule zikifunguliwa, akina mama kumi watataka pesa kwa mpigo, na injini haijui Septemba.

Wale ambao tayari wanayo mashine, msiiuze kwa sababu yangu, ila ilindeni. Ugomvi huanza kwa mapato kupungua bila mtu kujua kwa nini. Kila jioni andikeni vitu vitatu: lita za mazuti zilizotumika, kilo zilizosagwa, pesa iliyoletwa. Jana lita 5 zimesaga kilo 400. Leo lita 5 zile zile zinaandikiwa kilo 280. Kabla ya kumwita kijana mwizi, shika unga kiganjani. Ukitoka wa moto na usagaji umekuwa wa polepole, nyundo zimelika kwenye kingo, zigeuzwe au zibadilishwe. Ukitoka na chembe kubwa, chekeche limetoboka. Unga ukiwa laini na wa kawaida, mashine ikisikika kama jana, basi kilo 120 zimesagwa na hazikuandikwa, na sasa muulizeni. Bila lita kuandikwa hamwezi kutofautisha chuma kilicholika na mkono mrefu, na mtamfukuza kijana mwaminifu au kumweka mwizi mwaka mzima.

Haya, mnaotaka biashara ya pamoja kweli, sikilizeni upesi.

Nunueni pamoja, uzeni kila mtu peke yake. Mawese ya upande wa Komanda na Mambasa kwa bidoni za lita 20, samaki wa kukaushwa wa Kasenyi au Tchomia, maharagi ya Mahagi. Mzigo ukifika unagawanywa siku hiyo hiyo, kila mama anaandikiwa deni lake na analirudisha baada ya wiki tatu. Faida ya pamoja ni bei ya jumla na gari moja badala ya vikapu 25. Msipakie mzigo wote kwenye gari moja kama barabara ina habari mbaya, na msinunue mzigo wa zaidi ya nusu ya kisanduku.

Mkitaka kitu cha kudumu, viti vya plastiki vya kukodisha kwa harusi na matanga vina sifa ambayo mashine haina: viti 100 kwa akina mama 25 ni 4 kila mmoja, vinagawanyika. Chukueni dhamana kabla ya viti kutoka, na mvihesabu mbele ya mwenye sherehe vinapotoka na vinaporudi.

Mkisisitiza mashine, kodisheni ya mtu mwezi mmoja kwanza. Kabla ya hapo pelekeni mama wawili wakae karibu na mashine iliyopo mtaani, siku ya soko na siku ya kawaida, wahesabu mabeseni. Kisha biashara iwe na kisanduku chake na watu wake, wale wanaotaka tu, kwa pesa waliyoitoa baada ya mgawanyo. Saba walio tayari ni bora kuliko 25 walionyanyua mkono kwa kumwogopa prezida, na kura ipigwe kwa karatasi zilizokunjwa. Sheria inawapa nafasi: Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na chini ya sheria yake ya koperativi watu 5 wanatosha kuunda koperativi ya aina rahisi. Mmoja tu ndiye asimamie kazi ya kila siku, alipwe kwa hiyo, na asiwe yeye anayeshika pesa.

Andikeni kabla ya kununua, si baada: mama akihama au akifa, sehemu yake inahesabiwaje, nani anailipa, ndani ya wiki ngapi. Na risiti isiandikwe jina la mume wa prezida kwa sababu eti ndiye aliyekwenda kununua. Tangu sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia, ruhusa ya mume iliyotakiwa kwa mama aliyeolewa imeondolewa, na badala yake mume na mke wanakubaliana. Risiti ibebe jina la kikundi au majina ya wote waliochangia, na nakala yake ikae kwa mama ambaye hashiki ufunguo wowote.