Pini Iliyoachwa Hewani

Kitufe hakijaguswa, lakini taa inawaka. Mwanafunzi akisogeza mkono karibu na waya, taa inazima. Akiuondoa, inawaka tena, kisha inaanza kupepesa yenyewe. Kwenye maabara za vyuo vya ufundi kisa hiki ni cha kila muhula. Lawama huangukia programu kwanza, halafu kitufe, mwisho bodi yenyewe. Mara nyingi vyote vitatu ni vizima.

Tuchukue bodi ya Arduino Uno. Waya umetoka kwenye volti 5 ukaingia upande mmoja wa kitufe, na upande wa pili umeunganishwa na pini namba 2. Kitufe kikibonyezwa, pini inapata volti 5 na programu inasoma 1. Hapo hakuna ubishi. Kidole kikiondoka, mwanafunzi anatarajia 0, lakini sifuri hiyo itatoka wapi? Kitufe kimekata njia, na pini haijaunganishwa na kitu kingine chochote. Kukosa volti 5 si sawa na kuwa na volti 0.

Ndani ya chipu, pini hiyo inaishia kwenye transista ambayo karibu hainywi mkondo kabisa. Kinachovuja hakizidi sehemu moja ya milioni ya ampea. Ndiyo maana chaji kidogo mno inatosha kuipandisha au kuishusha. Kwa bodi ya volti 5, chipu inahakikisha kusoma 0 chini ya volti 1.5, na 1 juu ya volti 3. Katikati ya hapo, jibu lolote laweza kutoka.

Na chaji hiyo inatoka wapi? Sana sana kwenye nyaya za umeme zilizo ukutani. Mwili wa mtu huunasa umeme huo kwa mbali, na mkono ukikaribia waya huupitishia pini. Programu hii fupi inamfichua mhalifu:

```
void setup() {
  Serial.begin(115200);
  pinMode(2, INPUT);
}
void loop() {
  Serial.print(digitalRead(2));
  delay(1);
}
```

Ukishika waya ulioachwa wazi, skrini haijai tarakimu zilizochanganyika ovyo. Mara nyingi utaona mafungu: moja kama kumi mfululizo, kisha sifuri kama kumi, kisha moja tena. Umeme wa Tanzania na Kenya una mizunguko 50 kwa sekunde, yaani milisekunde 20 kwa kila mzunguko, nusu juu na nusu chini. Ukiweka `delay(100)` badala yake, kila usomaji unaangukia karibu pale pale penye wimbi, na pini inaweza kuonekana imetulia kwa muda kabla ya kugeuka. Hapo ndipo mtu huapa kwamba jana saketi ilikuwa inafanya kazi.

Dawa ni rezista moja ya omu 10,000 kutoka pini hadi GND. Hiyo ndiyo rezista ya kuvuta chini. Kitufe kikiwa wazi, mkondo ule unaovuja unapita humo na kuacha volti 0.01 tu, mbali kabisa na ule mpaka wa 1.5. Kitufe kikibonyezwa, volti 5 zinashinda, na kinachopotea kupitia rezista ni nusu ya miliampea.

Kwa nini isiwe waya mtupu? Kwa sababu kubonyeza kitufe kungeunganisha volti 5 na GND moja kwa moja, na hiyo ni shoti. Rezista ya omu 100 nayo ingepitisha miliampea 50 na kupata moto bure. Ya omu milioni moja ingeacha hadi volti 1 pale pini inapovuja kwa kiwango cha juu, na mkono wa mtu ungeanza tena kusikika.

Ukibadilisha mpangilio, rezista iende volti 5 na kitufe kiende GND, unapata ya kuvuta juu. Uno ina rezista za namna hiyo tayari ndani ya chipu, za kati ya omu 20,000 na 50,000, na huwashwa kwa `pinMode(2, INPUT_PULLUP)`. Ila sasa mambo yamegeuka: kitufe kilichobonyezwa kinasomeka 0. Za kuvuta chini hazimo ndani ya chipu hiyo. Anayezitaka lazima aweke yake. Kwenye ESP32, pini za 34 hadi 39 hazina ya juu wala ya chini, na wengi hugundua hilo baada ya saa nzima ya kukuna kichwa.

Anayetafuta hitilafu hii kwa maltimita ajihadhari pia. Maltimita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa omu milioni 10 kati ya nyaya zake mbili, kwa hiyo ukiigusisha pini na GND, mita yenyewe inakuwa rezista dhaifu ya kuvuta chini. Taa inaweza kutulia mita ikiwa imeshikwa pale, na kuanza kupepesa mara tu inapoondolewa.