Umbo Moja, Namba Moja

Mwaka 1961 Herbert Freeman alionyesha jinsi ya kuandika mzingo wa umbo kwa tarakimu. Katika picha ya miraba, unafuata ukingo hatua kwa hatua: 0 ni kulia, 1 juu, 2 kushoto, 3 chini.

Chukua mstatili wa hatua mbili kwa moja. Ukianzia pembe ya chini kushoto na kuzunguka kinyume cha saa, unapata 001223. Ukianzia katikati ya upande wa chini, unapata 012230. Mstatili ni uleule, lakini kompyuta inaona vitu viwili. Ukiusimamisha wima, unakuwa 112330.

Dawa ni kuandika jinsi unavyogeuka badala ya uelekeo wenyewe. Toa kila tarakimu kwa ile iliyoitangulia. Ya kwanza itolewe ile ya mwisho, na jibu likiwa hasi ongeza 4. Mstatili uliolala na uliosimama yote miwili inatoa 101101. Ule ulioanzia katikati unatoa 011011. Sasa zungusha tarakimu mpaka upate namba ndogo kuliko zote: yote mitatu inakuwa 011011.

Ila mzunguko wa nyuzi 90 tu ndio unaolindwa kikamilifu. Ukiinamisha mstatili nyuzi 30, ukingo unakuwa ngazi-ngazi na namba inabadilika. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha maumbo, lainisha ukingo kisha panga miraba ifuate mhimili mrefu wa umbo.