Kazi Ipi Yatuongezea Nguvu, na Ipi Yatumaliza?



Sisi tunaozunguka matawi ya mashamba na viwanda vya chai huku Uganda magharibi twaulizwa maswali mengi ya mishahara na likizo. Lakini kuna swali moja ambalo mwenzetu huliuliza pembeni, mkutano ukiisha kufungwa: "Ndugu, wanataka kunihamisha idara. Nikubali au nikatae?" Wengine huuliza baada ya kupunguzwa kazini, wakiwa na kiinua mgongo kidogo mkononi na hawajui waelekee wapi.

Zamani tulikuwa tukijibu upesi: tazama mshahara. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Tumeona watu waliopanda cheo, na baada ya mwaka mmoja wamekuwa wakali nyumbani na wazembe kazini, nao hawakuwa hivyo. Siku hizi twamwambia mwenzetu akae kwanza na daftari, azikague kazi alizokwisha kuzifanya. Leo twataka kueleza namna ya kufanya ukaguzi huo. Tutamfuata ndugu mmoja wa tawi letu, ambaye ametupa ruhusa tusimulie habari zake bila jina.

Ndugu huyu alikuwa taniboi wa lori kwa miaka mitatu. Kisha akaingia kiwanda cha chai, chumba cha kukaushia, kwa miaka minne. Baadaye akahamishiwa stoo ya vipuri kama msaidizi. Hapo stoo alisifiwa sana, kwa maana leja yake haikuwa na kosa. Mkuu wa stoo alipokaribia kustaafu, meneja akamwita ndugu yetu na kumwambia achukue nafasi ile. Mshahara ungepanda, naye ana watoto watatu shuleni. Hata hivyo alitujia na uso wa huzuni, wala hakuweza kusema sababu.

Tulimwuliza: katika kazi zako zote, ipi uliipenda? Akajibu, "Lori. Kiwandani kulikuwa jehanamu." Hapa ndipo wengi hukosea. "Lori" si kazi moja, na "kiwanda" si kazi moja. Kila ajira ni fungu la shughuli nyingi, na katika fungu moja zimo zinazompa mtu nguvu na zinazomnyonya. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulifungua fungu.

Akachukua daftari la mtoto wake, akagawa ukurasa mara tatu. Upande wa lori akaandika: kupakia na kupakua magunia, kufunga turubai, kubadilisha gurudumu, kukesha na dereva, kutunza karatasi za mzigo, kubishana na watu wa mizani. Upande wa kiwanda akaandika: kutia kuni kwenye tanuri la boila, kusoma kipimajoto cha mashine ya kukaushia, kutia grisi beringi, kusikiliza mlio wa mashine na kumwita fundi mapema, kufagia vumbi la chai. Upande wa stoo akaandika: kupokea mali, kuandika leja, kukaa dirishani kutoa vifaa na kuwanyima wasio na karatasi yenye saini, kutafuta kipuri kinacholingana na kilichovunjika, kuhesabu mali mwisho wa mwezi, kujibu wakaguzi. Jumla ni shughuli 17.

Hatua ya pili ni kutia alama. Shughuli iliyokuacha na nguvu itie alama ya kujumlisha, iliyokumaliza itie alama ya kutoa, na isiyo huku wala huku itie sifuri. Lakini usijiulize tu kama uliipenda. Ikumbuke siku moja hasa ulipoifanya, kisha ujiulize mambo mawili. Je, saa zilikwenda upesi au zilikokota? Je, ilipokwisha ulitaka kuzungumza na watu, au ulitaka usisemeshwe na mtu?

Tena tutofautishe uchovu wa mwili na kumalizika moyo. Ndugu yetu alisema kubadilisha gurudumu la lori usiku barabarani kulimchosha mikono, lakini alirudi garini akipiga mluzi. Kubishana mizanini hakukumtoa hata tone la jasho, ila alikaa kimya maili thelathini. La kwanza ni kujumlisha, la pili ni kutoa. Mtu anayepima kwa jasho peke yake atapata hesabu ya uongo.

Alipomaliza, upande wote wa kiwanda ulikuwa na alama za kutoa. Tukamwuliza sababu, akaanza kueleza habari za nyapara wake wa wakati ule, mtu wa matusi. Hapo tukafika hatua ya tatu: kuitenga shughuli na mazingira yake. Nyapara mbaya hupaka masizi kila kitu kilichokuwa karibu naye. Kadhalika posho nzuri, au rafiki mcheshi, huifanya kazi mbovu ing'ae katika kumbukumbu. Swali la kutumia ni hili: kama nyapara angekuwa mtu wa kawaida, na mshahara ukiwa ule ule, je, shughuli yenyewe ungeirudia?

Akafikiri sana. Kufagia vumbi, hapana. Kutia kuni, hapana. Lakini kutia grisi na kusikiliza mashine, alisema angerudia hata kesho. Akakumbuka siku alipousikia mlio mwembamba wa beringi kabla fundi hajausikia, mashine ikasimamishwa kwa saa moja tu badala ya kuvunjika kabisa. Alikuwa amelisahau jambo hilo kwa sababu ya chuki. Alama mbili zikafutwa na kubadilishwa.

Hatua ya nne ni kutafuta kinachojirudia. Shughuli moja katika ajira moja haithibitishi kitu. Ikitokea mara mbili au tatu, mahali mbalimbali, chini ya wakubwa mbalimbali, basi ni yako. Katika daftari la ndugu yetu alama za kujumlisha zilikuwa kwenye gurudumu, grisi, mlio wa mashine, na kutafuta kipuri kinacholingana. Zote ni kushika kitu kilichoharibika, au kinachotaka kuharibika, na kukitengeneza. Alama za kutoa zilizojirudia zilikuwa mizani, dirisha la stoo na wakaguzi. Zote ni kusimama mbele ya mtu mwenye hasira na kumwambia hapana. Safari za lori alizodhani anazipenda hazikuwamo hata kidogo.

Mwaone pia kwamba leja, kazi aliyosifiwa, haikupata kujumlisha. Kujua kazi ni jambo moja, na kazi kukupa nguvu ni jambo lingine. Wakubwa huona ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye karatasi. Ndiyo maana mtu hodari mara nyingi hupandishwa kuelekea lile linalommaliza.

Lakini kumbukumbu peke yake tusiiamini mno. Mwaka 1989 Mihaly Csikszentmihalyi wa Chuo Kikuu cha Chicago, huko Marekani, pamoja na mwenzake Judith LeFevre, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi waliobeba kidude cha kulia kwa wiki moja. Kila kilipolia, mtu aliandika papo hapo anafanya nini na anajisikiaje. Ilionekana kwamba saa za kuzama katika jambo gumu analoliweza mtu zilitokea kazini zaidi kuliko wakati wa mapumziko. Hata hivyo, wakiwa kazini, watu hao hao walitamani zaidi wangekuwa wanafanya jambo lingine. Tunavyosema juu ya kazi na tunavyokuwa tukiifanya havilingani kila mara.

Kwa hiyo hatua ya tano ni kuandika kwa majuma mawili katika kazi uliyo nayo, mara mbili kwa siku: saa ya chakula na saa ya kutoka. Andika shughuli na alama yake, basi. Ndugu yetu alipofanya hivyo aliona ajabu. Leja, aliyoitia alama ya kutoa, ilikuwa kujumlisha ndogo kila asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa. Ilimchosha pale tu alipoiandika huku watu wamejaa dirishani. Kilichommaliza hakikuwa kalamu, bali kukatizwa na kugombezwa.

Sasa akaweza kuipima kazi mpya. Alimwendea mkuu wa stoo anayestaafu akamwomba amweleze siku yake ya saa 8. Mzee akamwambia: kama saa 5 ni dirisha, mabishano na maelezo kwa wakubwa, saa 2 ni leja, saa 1 ni kukagua vipuri pamoja na mafundi. Ndugu yetu akaona wazi chanzo cha huzuni yake. Cheo kile kingemzidishia lile ambalo limemmaliza tangu enzi za mizani.

Je, alikataa? Karo za watoto haziruhusu kukataa ovyo, nasi hatukumshauri hivyo. Alimwendea meneja, katibu wa tawi akiwa pamoja naye, akaomba dirisha liwe na saa maalum asubuhi na alasiri, isipokuwa mashine ikivunjika, na saa zinazobaki awe na mafundi katika kukagua vipuri. Meneja alikubali saa za asubuhi, akakataa za alasiri. Ndugu yetu akakipokea cheo kwa makubaliano kwamba baada ya miezi sita mambo yatazamwe upya, na huku anajiandaa kwa mtihani wa ufundi. Bado yupo, na daftari lake analifungua kila mwisho wa mwezi.

Twamalizia na tahadhari tatu. Kwanza, kama kila shughuli imekuwa alama ya kutoa, hata ile uliyokuwa ukiifurahia, na hali hiyo imedumu majuma kadhaa, usilaumu kazi bado. Nenda zahanati. Homa isiyotibiwa, upungufu wa damu, au huzuni ya msiba huweza kumfanya mtu awe hivyo.

Pili, karatasi hii ni yako. Usiipeleke ofisi ya utumishi ikatumiwa kusema kwamba hupendi kazi.

Tatu, na hili latuhusu sote: katika tawi moja tulipolinganisha madaftari, wote wa chumba cha kukaushia walikuwa wameandika kutoa kwenye kufagia vumbi. Jambo linalommaliza mtu mmoja ni la kujipima. Linalowamaliza wote wa chumba kimoja si tabia yao, ni vumbi, na dawa yake ni vinyago vya pua na feni ya kutolea hewa. La namna hiyo msilipeleke nyumbani mkajilaumu. Lileteni mkutanoni liandikwe kwenye ajenda.