Barua ya Rufaa Daktari Anaposhuku Baipola

Barua ya rufaa ni maelezo ambayo daktari wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya humwandikia daktari bingwa wa magonjwa ya akili anapomkabidhi mgonjwa. Kwa anayeshukiwa kuwa na baipola, yaani ugonjwa unaompandisha mtu hisia kupita kiasi na wakati mwingine kumzamisha katika sonona, barua hiyo hubeba habari ambazo mgonjwa mwenyewe huenda asizitaje kabisa.

Sababu ni kwamba wagonjwa wengi huja hospitalini wakiwa wamezama. Hulalamikia uchovu, kukosa usingizi, kulia na kukata tamaa. Kile kipindi cha kupanda, ambacho huitwa mania, hawakioni kuwa ugonjwa. Wengine hukikumbuka kama siku zao bora. Daktari asipouliza, ataandika sonona na kutoa dawa ya sonona peke yake, na kwa mwenye baipola dawa hiyo inaweza kumpandisha.

Chukua mfano wa fundi cherehani wa miaka 27. Amekuwa na huzuni kwa wiki sita, akapewa fluoksetini miligramu 20 kwa siku. Siku ya kumi na mbili anarudishwa na dada yake mkubwa. Sasa analala saa mbili tu kwa usiku na haoni uchovu, anaongea bila kituo, na ametumia mtaji wote wa duka kununua majora ya vitambaa ambayo hakuna mteja aliyeyaagiza. Dada anaeleza kwamba miaka miwili iliyopita alikuwa hivyohivyo kwa siku kumi, kabla hajaanza dawa yoyote, na kwamba mjomba wao alilazwa mara kadhaa kwa ugonjwa wa akili.

Maelezo ya dada ndiyo kiini cha barua. Kuandika “mgonjwa ana hisia zinazobadilika” hakumsaidii bingwa, kwa kuwa hisia za kila mtu hubadilika. Anachohitaji ni matendo na muda wake. Mania kwa kawaida hutambuliwa inapodumu wiki moja au zaidi, au hata chini ya hapo ikiwa imembidi mgonjwa alazwe. Kwa hiyo barua nzuri ingesema:

“Naomba umwone leo. Nashuku baipola, kipindi cha mania. Kwa siku 5 analala saa 2, anaongea mfululizo, ametumia mtaji wote. Dalili zilianza siku ya 7 ya fluoksetini, nimeisimamisha leo. Kipindi kama hiki kilitokea miaka 2 iliyopita, siku 10, bila dawa (maelezo ya dada). Hatumii pombe, bangi wala mirungi. Amekana mawazo ya kujiua. Kipimo cha mimba: hana.”

Neno “nashuku” lina uzito wake. Daktari wa kwanza hapaswi kumbandika mgonjwa jina la ugonjwa ambao bado haujathibitishwa, kwa maana likishaingia kwenye faili ni vigumu kulifuta. Vilevile ni lazima aeleze alichokwisha kukagua, kwa sababu tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, malaria kali, dawa kama prednisoloni na vilevi vinaweza kuleta hali inayofanana na mania.

Kipimo cha mimba huweza kuonekana kama jambo dogo, lakini ndicho kinachoamua dawa. Valproeti, ambayo hutumika sana kutuliza mania, inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Lithiamu nayo huhitaji kujua kwanza hali ya figo na tezi ya shingo. Majibu yakiwa tayari, yaambatishwe; kama hayapo, barua iseme hayapo, ili bingwa asidhani yalikuwa mazuri. Lakini rufaa ya dharura isicheleweshwe kwa kusubiri maabara.

Kosa kubwa zaidi ni kuficha uharaka katikati ya aya. Mgonjwa anayetaka kujiua, asiyekula, anayetishia wengine au aliyepoteza uwezo wa kujilinda anapaswa kuonwa siku hiyohiyo, na jambo hilo liwe kwenye mstari wa kwanza, likifuatiwa na simu kwa hospitali inayompokea. Aliyetulia, mwenye historia tu ya kupanda na kushuka, anaweza kupangiwa kliniki. Ila barua itaje ni nani atakayemfuatilia mpaka siku hiyo ifike.

Mgonjwa aliye katika mania asikabidhiwe bahasha na kuachwa aende peke yake, maana huenda asifike. Ndugu anayejua historia yake amsindikize, akiwa na barua hiyo, pakiti za dawa zote anazotumia na namba ya simu ya daktari aliyeiandika.