Feni Zinavyoondoa Sumu ya Moshi Chini ya Ardhi

Injini ya petroli isipopata hewa ya kutosha kuchoma mafuta yote hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, na anaweza kuzirai kabla hajajua kinachomsibu. Barabarani upepo huisambaza gesi hiyo. Chini ya ardhi hubaki palepale na kuongezeka.

Tatizo hili lilitatuliwa kwa kiwango kikubwa katika Handaki la Holland, linalopita chini ya Mto Hudson kati ya New York na New Jersey. Kabla ya kulijenga, wataalamu waliwapima watu waliojitolea kuvuta gesi hiyo kwa viwango vidogo, wakaweka kikomo cha sehemu 4 katika 10,000 za hewa. Viwango vya leo ni vikali zaidi. Kusukuma hewa kutoka mdomo mmoja wa handaki hadi wa pili kungeleta upepo mkali mno kwa walio ndani, na moshi wote ungerundikana upande wa kutokea. Mhandisi Ole Singstad akaipitisha hewa kwa kukingama: hewa safi huingia kupitia njia iliyo chini ya barabara na kutokea kwenye matundu ya kando, na chafu hufyonzwa juu ya dari. Handaki lilipofunguliwa mwaka 1927 lilikuwa na feni 84, nusu zikiingiza hewa na nusu zikiitoa, na ziliweza kubadilisha hewa yote kwa takriban sekunde 90.

Katika maegesho ya chini ya majengo, hatari huwa kubwa jioni, magari yanapowashwa kwa pamoja na kupanga foleni ya kutoka. Injini baridi hutoa gesi nyingi, kwani kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi hakifanyi kazi vizuri kabla hakijapata moto. Vitambuzi huwekwa kwenye kimo cha pua ya mtu. Gesi ikizidi kiwango kilichopangwa, feni za darini huisukuma hewa hadi kwenye shimo la kutolea nje.

Mfumo huu unaweza kushindwa kimyakimya. Feni zikizimwa ili kuokoa umeme, kitambuzi kikizeeka bila kupimwa upya, au hewa safi ikivutwa karibu na mahali moshi unapotokea, sumu hurudi ndani. Pembe zisizofikiwa na mkondo wa hewa hubaki na moshi hata feni zikinguruma. Isitoshe, magari ya dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo lakini naitrojeni dayoksaidi na masizi mengi, hivyo panahitajika kitambuzi cha gesi hiyo pia. Mlinzi au mwosha magari anayeumwa kichwa kila akiwa chini, na kupata nafuu akitoka nje, ana dalili ya kutosha ya kutaka hewa ipimwe siku hiyohiyo.