Kamati ya mikopo huandika nini kuhusu ombi nambari 0382?

Umeomba mkopo kwa taasisi ndogo ya fedha. Umeomba shilingi 120,000, halafu wiki mbili baadaye unapata ujumbe kwenye simu: ombi lako limeidhinishwa, 50,000. Hakuna maelezo. Wateja wengi hutuuliza sisi, kwa sababu pesa zenyewe huingia kwa laini yao ya simu, na ni rahisi kudhani sisi ndio tumepunguza. Sisi hubeba tu pesa kutoka kwa taasisi hadi kwako. Uamuzi ulifanywa na watu wanne au watano waliokaa kwa meza moja, na kila walichoamua kimeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano wa kamati ya mikopo.

Kumbukumbu hizo huwa hazina jina lako. Zina nambari. Tuliona ni vizuri tueleze jinsi zinavyosomwa, maana ukielewa mistari michache tu utajua ni nini kilifanya 120,000 ikawa 50,000, na unaweza kufanya nini juu yake. Mfano ulio hapa tumeutunga wenyewe, lakini umejengwa jinsi kumbukumbu za aina hii zinavyoandikwa.

> Ombi MK/0382. Biashara: nafaka, rejareja. Ombi: 120,000, miezi 12. Mkopo mwingine unaoendelea hapa: hakuna. Mkopo wa simu: upo, unalipwa. Afisa alieleza kuwa wastani wa pesa zinazoingia ni 96,000 kwa mwezi. Baada ya kuondoa zisizo za mauzo, 65,000. Mjumbe wa 3 alitoka nje wakati wa ombi hili. Iliazimiwa: 50,000, miezi 12, awamu 4,917 kwa mwezi. Masharti: wadhamini wawili watie sahihi, laini ya kupokea iwe kwa jina la mwombaji.

Tuanze na 96,000 kugeuka 65,000, kwa sababu hapo ndipo ombi lilipobadilika.

Afisa wa mikopo alichukua taarifa ya akaunti ya simu ya miezi sita. Mwombaji anapoiangalia taarifa hiyo anaona pesa nyingi zikiingia, na kwa haki anafikiri yuko sawa. Lakini huyu wa 0382 ni mweka hazina wa chama chake. Kila mwezi wanachama humtumia michango, halafu siku ya zamu anaituma yote kwa anayepokea. Pesa hizo zimepita mkononi tu. Mara nyingine pia huhamisha akiba yake kutoka benki hadi kwa simu, na hiyo nayo huonekana kama pesa iliyoingia. Afisa alipotoa hizo mbili, 31,000 ziliondoka. Zilizobaki, 65,000, ndizo mauzo ya mahindi, maharagwe na ndengu.

Kutoka hapo hesabu ni ya kawaida. Kununua magunia, 42,000. Kodi ya kibanda na usafiri, 5,000. Chakula, karo na matumizi ya nyumbani, 9,000. Mkopo wa simu anaoulipa, 1,500. Kinachobaki ni 7,500 kwa mwezi. Kamati ya mfano wetu ina kanuni kwamba awamu isizidi theluthi mbili ya kinachobaki, yaani 5,000, ili mwezi mbaya usimwangushe mtu. Taasisi nyingine huweka nusu, nyingine hutazama aina ya biashara kwanza.

Sasa angalia 120,000. Kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya mkopo wote, awamu ingekuwa 10,000 ya mkopo na 1,800 ya riba, jumla 11,800. Mtu anayebakiwa na 7,500 hawezi. Kwa 50,000 awamu ni 4,917, chini kidogo tu ya 5,000. Kwa hivyo kamati haikumkataa huyu mtu wala haikumdharau. Ilirudi nyuma kutoka kwa awamu hadi kwa mkopo.

Hapa tuseme jambo ambalo kumbukumbu huwa hazisemi waziwazi: aina ya riba. Kwa njia hiyo ya kuhesabu juu ya mkopo wote, huyu atalipa 59,000. Kama riba ni ileile ya asilimia 1.5 lakini inahesabiwa juu ya salio linalopungua, awamu inakuwa kama 4,584 na jumla ni karibu 55,000. Tofauti ni takriban 4,000 kwa mkopo mmoja, na asilimia iliyoandikwa ni ileile. Kwa maoni yetu hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza afisa kabla hujatia sahihi: riba inahesabiwa juu ya nini?

Halafu kuna ada. Mfano wetu una ada ya asilimia 2 na bima ya asilimia 1, zote zikikatwa mwanzoni. Kwa hivyo kwenye simu itaingia 48,500, sio 50,000. Ukiona pungufu hiyo, usikimbilie kudhani sisi tumekata. Linganisha kwanza na barua ya mkopo.

Turudi kwa nambari. Kwa nini wasiandike jina? Taasisi ndogo hukopesha watu wa mtaa mmoja, na wanaokaa kwenye kamati mara nyingi ni wa mtaa huohuo. Kumbukumbu nazo hupita mikono mingi: katibu, mkaguzi wa hesabu, makao makuu. Jina likiwa kwenye kila nakala, deni lako linaweza kufika sokoni kabla hujafika wewe. Zaidi ya hapo, mjumbe anayesoma nambari anaangalia hesabu, haangalii ni binti ya nani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka taarifa za mtu zitumiwe kwa kiasi kinachohitajika tu kwa kazi iliyokusudiwa.

Orodha inayounganisha nambari na majina huwekwa kando, kwa mtu mmoja, kwa kawaida katibu au meneja wa tawi. Na hapo ndipo mstari wa Mjumbe wa 3 unapoeleweka. Mtu atasema, kama majina yamefichwa, mjumbe atajuaje kwamba ombi ni la shemeji yake? Katibu hulinganisha orodha ya majina na wajumbe kabla ya mkutano, na mwenye uhusiano anaambiwa atoke ombi hilo linapofika. Kumbukumbu nzuri huonyesha ametoka, na zinaonyesha kwamba waliobaki bado walitosha akidi. Miezi mingi ikipita bila mjumbe yeyote kutoka nje hata mara moja, katika tawi la mji mdogo, mkaguzi anayejua kazi yake atauliza.

Nambari ina mipaka yake, lakini. Kama afisa angeandika "muuza nafaka wa pekee karibu na stendi, mweka hazina wa chama cha kina mama", jina lingekuwa limeandikwa tu kwa maneno mengine. Ndiyo maana kwenye mfano wetu imeandikwa "nafaka, rejareja" na basi. Sababu ya zile 31,000 inabaki kwenye faili ya afisa.

Pia, nambari ikitolewa kwa kila ombi badala ya kwa kila mtu, mtu mmoja anaweza kuwa na maombi mawili mbele ya kamati moja na wasijue. Mstari wa "mkopo mwingine unaoendelea hapa" upo kwa ajili hiyo. Na nambari hukosewa. 0382 na 0328 zinafanana machoni mwa mtu aliyechoka jioni. Kumbukumbu zikisema 0382 imepata 50,000 na mfanyakazi wa malipo akasoma 0328, pesa zinaenda kwa mtu mwingine kabisa. Ndiyo sababu ya sharti la mwisho: laini ya kupokea iwe kwa jina la mwombaji. Kabla ya kutuma, anayelipa analinganisha jina linalotokea kwenye simu na lile la kitambulisho kwenye faili. Majina yasipolingana, malipo husimama. Kama laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la mumeo au la kakako, mkopo wako unaweza kukwama hapo hata kama kamati ilishakubali. Nenda ukasajili laini yako mapema, ukiwa na kitambulisho chako.

Je, unaweza kuziona kumbukumbu hizo? Zote, hapana, kwa sababu zina habari za wengine. Lakini taarifa zinazokuhusu wewe una haki ya kuzipata chini ya sheria hiyo ya 2019, na kanuni zake za 2021 zinampa anayezishikilia siku saba kukujibu, bila malipo. Andika barua au barua pepe, taja nambari ya ombi lako, na uombe maelezo ya uamuzi na takwimu zilizotumika. Usiombe "kumbukumbu za kamati", utaambiwa ni siri. Omba taarifa zako.

Ukizipata, angalia kitu kimoja kabla ya vingine: ni pesa gani zilizoondolewa kwenye taarifa ya simu. Afisa akikosea hapo, kila kilichofuata kimekosewa. Tuseme katika zile 31,000 kulikuwa na 8,000 za mteja wa jumla, mwenye hoteli anayelipa maharagwe kwa kutuma kwa laini ya kawaida, na afisa akadhani ni za chama. Peleka risiti na vitabu vyako, uombe ombi lirudishwe kwenye kamati. Litarudi kwa nambari ileile na kumbukumbu mpya. Siku zijazo, wateja wa biashara walipe kwa namba ya Till, na michango ya chama ipite kwenye laini tofauti. Afisa hatakuwa na la kukisia.

Nambari hiyo ya ombi ina matumizi mengine. Mtu akikupigia kusema mkopo wako umepita na utume 1,500 ya ada kwa simu yake, muulize nambari ya ombi. Akishindwa kuitaja, kata simu. Na hata akiitaja, ada ya mkopo hukatwa kwenye mkopo wenyewe au hulipwa kwa namba ya Paybill ya taasisi, iliyoandikwa kwenye barua yako. Hailipwi kwa laini ya mtu. Kama umeshatuma, tupigie mara moja kabla pesa hazijatolewa, kisha ujulishe tawi lako.